Herufi Moja Katika Plani ya Damu: Namna ADN Inavyojenga Mwili, na Asili ya Ugonjwa wa SS



Katika kambi zetu maneno ya namna hii husikiwa mara nyingi: «Bibi yule anazaa watoto wagonjwa. Kila mwaka mtoto analia mifupa, macho yanageuka manjano, anaongezwa damu. Kwao kuna ulozi.» Mume anasikiliza ndugu zake, bibi anarudishwa kwao, na mtoto anapelekwa huku na huku kutafuta mwenye kumroga. Wakati huo siku zinapita na damu ya mtoto inazidi kupunguka.

Ugonjwa unaosemwa hapo, mara nyingi, ni ule ambao waganga wanauita drepanositozi, na sisi wote tunauita SS. Asili yake inajulikana mpaka mwisho. Ni herufi moja iliyobadilika katika maandiko yanayoujenga mwili. Leo tutaifuata herufi hiyo, hatua kwa hatua, tangu pale inapoandikwa mpaka pale mtoto anapolia. Mwenye kuifuata vizuri atajua pia kwa nini bibi peke yake hawezi kushitakiwa, na ni karatasi gani ya labo inayofaa kuombwa kabla ya ndoa.

1. Plani inakaa bironi, kopi inashuka ateliye

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona bila mikroskopi. Ndani ya chembe karibu zote kuna chumba kidogo kinachoitwa kiini. Ndani ya kiini kuna nyuzi 46 zinazoitwa kromozomu: 23 zilitoka kwa baba, 23 zilitoka kwa mama. Nyuzi hizo zimefanywa kwa kitu kinachoitwa ADN. Kama tungeweza kunyosha ADN yote ya chembe moja na kuiunganisha, ingepata urefu wa karibu metre 2, ingawa imekunjwa katika chumba kisichoonekana kwa macho.

ADN ni maandiko. Lakini alfabeti yake ina herufi 4 tu: A, T, G na C. Zinapangwa moja nyuma ya nyingine, karibu miliari 3 katika fungu lililotoka kwa baba, na nyingine karibu miliari 3 katika fungu lililotoka kwa mama. Kipande cha maandiko hayo chenye maagizo ya kutengeneza kitu kimoja cha mwili kinaitwa jeni.

Wale wanaofanya kazi ateliye wataelewa upesi. Plani ya asili ya mashini haishuki ateliye ikaguswe na mikono yenye mafuta. Inabaki bironi. Kinachoshuka ni kopi, na fundi anafuata kopi hiyo kipimo kwa kipimo. Chembe nayo inafanya vile vile. ADN inabaki katika kiini. Kikitakiwa kitu fulani, chembe inatoa kopi ya jeni ile moja tu, inayoitwa ARN, na kopi hiyo inatoka kwenda kwa mafundi wadogo walio nje ya kiini.

Fundi wa chembe hasomi herufi moja moja. Anasoma tatu tatu. Kila herufi tatu ni neno moja, na kila neno linaagiza ushanga mmoja. Ushanga huo waganga wanauita asidi amino; ziko namna 20. Fundi anasoma neno la kwanza, anachukua ushanga wake. Anasoma neno la pili, anauunganisha ushanga wa pili na wa kwanza. Na hivyo mpaka afikie neno linalosema «simama». Mwishoni anakuwa na mkufu wa shanga. Mkufu huo unajikunja wenyewe, unapata umbo, na umbo hilo ndilo linaloupa kazi. Kitu hicho kilichokamilika kinaitwa protini. Nywele, misuli, na rangi nyekundu ya damu, vyote vina protini zilizotengenezwa hivyo.

Tushike neno hili moja: ushanga ukibadilika, mkufu unaweza kujikunja au kushikana kwa namna nyingine; na umbo likibadilika, kazi nayo inaweza kubadilika.

2. Plani ya emoglobini

Damu ni nyekundu kwa sababu ya protini inayoitwa emoglobini. Kazi yake ni ya mchukuzi. Inapakia hewa safi, yaani oksijeni, katika mapafu, na kuishusha katika misuli, ubongo, figo na kila mahali. Inasafiri ndani ya chembe nyekundu za damu, ambazo zina umbo la sahani ndogo iliyobonyea katikati. Chembe hizo ni laini, zinajipinda na kupita hata katika mishipa iliyo myembamba kuliko zenyewe.

Emoglobini moja ya mtu mzima ina mikufu 4: miwili inaitwa alfa, miwili inaitwa beta. Leo tutaangalia beta. Jeni yake iko katika kromozomu namba 11, na mkufu wake una shanga 146. Kila mtu ana plani mbili za beta: moja ya baba, moja ya mama.

Hebu tufungue plani ya beta mwanzoni kabisa. Tunaliacha neno linalosema «anza», kwa sababu ushanga wake unaondolewa baadaye. Baada yake maneno 8 ya kwanza ni haya:

```
GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG
```

Hesabuni pamoja nami. GTG ni ushanga wa kwanza, unaitwa valini. CAT ni wa pili, CTG wa tatu, ACT wa nne, CCT wa tano. GAG ni wa sita, nao unaitwa asidi glutamiki. Emoglobini iliyotengenezwa kwa plani hii inaitwa A. Ni ile ya kawaida.

Sasa tazameni plani nyingine, iliyo katika damu ya watu wengi wa Afrika ya katikati:

```
GTG CAT CTG ACT CCT GTG GAG AAG
```

Tofauti iko mahali pamoja. Neno la sita lilikuwa GAG, sasa limekuwa GTG. A imeondoka, T imekaa mahali pake. Shanga nyingine 145 hazikuguswa hata kidogo. Lakini fundi anatii maandiko. Akifika neno la sita anasoma GTG, na GTG ni valini, kama ile ya mwanzo kabisa. Basi anaweka valini mahali pa asidi glutamiki. Emoglobini hiyo inaitwa S.

3. Ushanga mmoja unawezaje kumlaza mtoto?

Asidi glutamiki ina nguvu ya umeme ya namna ya kuondoa, nayo inapenda maji. Valini haina umeme huo, nayo inakimbia maji, kama tone la mafuta ndani ya supu. Ushanga wa sita uko upande wa nje wa emoglobini, pale inapogusana na maji ya chembe na wenzake. Kwa hiyo emoglobini S ina kama doa la mafuta kwenye ngozi yake.

Emoglobini inapobeba oksijeni, doa hilo halileti taabu. Zote zinaogelea kila moja peke yake. Lakini baada ya kushusha oksijeni, emoglobini inageuza umbo lake kidogo, na pembeni mwake panafunguka kishimo. Doa la valini la emoglobini moja linaingia katika kishimo cha jirani. Doa la jirani linaingia katika la tatu. Zinashikana hivyo, moja kwa nyingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu na ngumu. Kamba nyingi zikisimama ndani ya chembe nyekundu, zinaisukuma ngozi yake kutoka ndani. Sahani inageuka mundu, kama ule wa kukatia majani. Ndiyo maana kwa Kiswahili wengine wanauita ugonjwa huu selimundu.

Chembe hiyo ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, kamba zinafunguka na umbo la sahani linarudi. Lakini kuvimba na kupindika mara nyingi kunaichosha, mpaka siku moja inabaki mundu. Hapo yanatokea mambo mawili.

La kwanza, chembe inavunjika mapema. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi karibu siku 120. Ya mgonjwa wa SS mara nyingi inaishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha chembe hizo, unafanya kazi usiku na mchana na haufikii hesabu. Damu inapunguka, mtoto anakuwa mweupe viganjani na anachoka. Macho yanageuka manjano kwa sababu ya mabaki ya emoglobini ya chembe zilizovunjika.

La pili, mundu ni mgumu na unanata. Hauwezi kujipinda katika mshipa mwembamba. Unakwama, wenzake wanakwama nyuma yake, na sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni. Mfupa uliokosa oksijeni unauma kwa maumivu makali sana. Mtoto mdogo anavimba mikono na miguu. Wengu linaharibika, na kwa kuwa linasaidia kukamata vidudu, homa ndogo inaweza kuwa ya hatari. Ikiwa mshipa uliozibwa ni wa ubongo, mtoto anaweza kupooza upande mmoja.

Wazazi wanashangaa kwamba mtoto alizaliwa mzima na kunenepa, kisha ugonjwa ukaanza. «Ni jirani aliyemwangalia vibaya,» wanasema. Sababu ni nyingine. Mtoto tumboni hatumii sana plani ya beta. Anatumia jeni nyingine inayotoa mkufu unaoitwa gama, na emoglobini yake inaitwa F. Gama haina ile valini ya mahali pa sita, nayo inazuia kamba zisifanyike. Baada ya kuzaliwa mwili unafunga polepole plani ya gama na kufungua ya beta. Kufikia miezi 6 hivi kazi kubwa imekwisha hamia kwa beta, na hapo ndipo kosa la maandiko linapoanza kuonekana.

4. Si kila badiliko linaleta ugonjwa

Mtu asifikiri kwamba kila herufi ikibadilika mwili unaharibika. Tubaki mahali pale pale, katika neno la sita, GAG, tuone mengine yanayoweza kutokea.

Tuseme G ya mwisho imekuwa A. Neno linakuwa GAA. Lakini GAA nayo inaagiza asidi glutamiki, kwa kuwa maneno ni mengi kuliko shanga, na shanga nyingi zina maneno zaidi ya moja. Mkufu unabaki ule ule. Mwenye badiliko hilo hawezi hata kulihisi.

Tuseme G ya kwanza imekuwa A. Neno linakuwa AAG, na ushanga unakuwa lizini. Hii ndiyo emoglobini C, inayoonekana zaidi katika Afrika ya magharibi. Mwenye plani mbili za C ana upungufu wa damu ulio mdogo, na mara nyingi anaishi bila taabu kubwa. Ni herufi ya neno lile lile, lakini matokeo yako mbali sana na yale ya S.

Tuseme sasa A imepotea kabisa na hakuna herufi iliyokuja mahali pake. Fundi haachi nafasi wazi. Anaendelea kusoma tatu tatu, na maneno yote yaliyo mbele yanasogea:

```
CCT GAG GAG AAG
CCT GGG AGA AG...
```

Kuanzia hapo maneno ni ya ovyo, na mkufu wa beta hautengenezwi. Badiliko hilo limeonekana kwa watu wa nchi zinazozunguka bahari ya Mediterane. Mwenye plani mbili za namna hiyo anapata ugonjwa mwingine wa damu unaoitwa talasemi.

Basi uzito wa badiliko hautokani na ukubwa wake. Unatokana na ushanga gani umebadilika, umekaa wapi, na kazi yake hapo ilikuwa nini.

5. Plani mbili: AA, AS na SS

Wazee husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Katika jambo la damu methali hiyo inahitaji maelezo, maana wazazi wawili wenye afya nzuri wanaweza kumzaa mtoto mgonjwa.

Tumesema kila mtu ana plani mbili za beta. Mwenye A mbili anaitwa AA. Mwenye A moja na S moja anaitwa AS. Mwenye S mbili anaitwa SS, naye ndiye mgonjwa. Kwa mtu wa AS, mafundi wanatumia plani zote mbili, na ndani ya kila chembe nyekundu A na S zinachanganyika, A ikiwa nyingi zaidi. A zinaingia katikati ya S na kuzizuia zisifanye kamba ndefu. Kwa hiyo AS anacheza mpira, anafanya kazi, anazeeka bila kujua anachobeba.

Tuchukue mume na bibi, wote wawili AS. Mume ni fundi wa kuunganisha vyuma, bibi ana shamba. Hakuna aliyewahi kulazwa. Mume anapotoa mbegu, kila mbegu inachukua plani moja tu kati ya mbili zake: A au S. Yai la bibi nalo linachukua moja tu. Njia za kukutana ni 4:

A ya baba na A ya mama: mtoto ni AA.
A ya baba na S ya mama: mtoto ni AS.
S ya baba na A ya mama: mtoto ni AS.
S ya baba na S ya mama: mtoto ni SS.

Basi kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, nafasi 2 kati ya 4 ya AS, na nafasi 1 kati ya 4 ya AA. Tunasema kwa kila mimba, kwa sababu wengi wanakosea hapa. Wanasema: «Wa kwanza alikuwa SS, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima.» Sivyo. Mimba haikumbuki ile iliyotangulia. Ni kama kurusha sarafu mbili tena kutoka mwanzo. Jamaa moja inaweza kupata watoto watano bila SS hata mmoja, na jamaa ya jirani ikapata watatu wanaofuatana, ingawa hesabu ni ile ile.

Tazameni pia mstari wa nne: S ya baba na S ya mama. Mtoto wa SS amepokea S moja upande wa baba na S moja upande wa mama. Kumfukuza bibi kwa ajili ya ugonjwa huu ni kumhukumu kwa jambo ambalo wawili wamelileta sawasawa, bila kujua na bila kutaka.

Na kama AS anaoa AA? Hakuna mtoto wa SS; nusu ya nafasi ni AS, nusu ni AA. Kama AS anaoa SS? Kwa kila mimba, nusu ya nafasi ni SS.

6. Kwa nini S haikupotea?

Mtu mwenye akili atauliza: kama S inaua watoto, kwa nini haikwisha zamani za mababu? Jibu liko katika malaria. Mwaka 1954 mganga Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika ya mashariki, alionyesha kwamba watoto wa AS wana kinga fulani juu ya malaria. Kidudu cha malaria kikiingia katika chembe nyekundu ya AS, chembe hiyo inapindika kwa wepesi zaidi, na wengu linaikamata na kuiharibu pamoja na kidudu chake. AS anaweza kuugua malaria, lakini ile kali yenye kuua inampata kwa nadra kuliko AA.

Hivyo, mahali penye mbu wengi, watoto wa AS walipona na kukua na kuzaa, nao wakapitisha S kwa watoto wao. Katika uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 wa Kinshasa, uliotangazwa mwaka 2009, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa AS, na zaidi kidogo ya 1 kwa 100 alikuwa SS.

Lakini angalieni sana: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko katika hatari kubwa, kwa sababu damu yake ni kidogo tangu mwanzo. Alale ndani ya chandarua kila usiku.

7. Karatasi ya labo: testi gani inasema nini?

Katika dispanseri nyingi inafanywa testi ya Emel. Tone la damu linafungiwa chini ya kioo bila hewa, wakati mwingine pamoja na dawa inayoondoa oksijeni, kisha linaangaliwa kwa mikroskopi. Chembe zikigeuka mundu, S ipo. Testi hii ni rahisi, lakini inajibu swali moja tu: je, S ipo au haipo? Damu ya AS inageuka na damu ya SS inageuka. Wengine wamepewa karatasi ya «Emel pozitifu» wakalia kama wenye SS, kumbe ni AS wazima. Tena mtoto mchanga wa SS anaweza kupewa «negatifu», kwa kuwa damu yake bado imejaa emoglobini F.

Testi inayotofautisha inaitwa elektroforezi. Hapa tunarudi kwenye ule ushanga wa sita. Emoglobini inawekwa juu ya ukanda wa jeli na umeme unapitishwa. Emoglobini S imepoteza asidi glutamiki katika kila beta, basi imepoteza sehemu ya umeme wake, na inatembea polepole kuliko A. Mwishoni mistari inaonekana. Wa AA ana mstari wa A. Wa AS ana mistari miwili, A na S. Wa SS ana S, pamoja na F kidogo, bila A. Kwa njia ya namna hii Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba emoglobini ya wagonjwa ni tofauti, na mwaka 1956 Vernon Ingram, katika mji wa Kembriji, Uingereza, alianza kuonyesha kwamba tofauti hiyo iko katika ushanga mmoja tu.

Elektroforezi nayo inaweza kudanganya. Mtoto wa SS aliyeongezwa damu juzi ataonyesha mstari wa A, lakini A hiyo ni ya mtu aliyetoa damu. Mwambieni mtu wa labo kama mtoto ameongezwa damu, na mngoje karibu miezi 4, mpaka chembe za mgeni zimekwisha. Na ikiwa karatasi za baba, mama na mtoto hazipatani, msianze ugomvi nyumbani. Vichupa vinaweza kubadilishana, na kuna mabadiliko mengine ya jeni ya beta yasiyosomwa vizuri kwa testi hii. Irudieni kwanza, tena mbele ya mganga.

8. Yanayofanyika leo

Chembe nyekundu haina kiini. Kabla ya kutoka ubohoni inakitupa, ili ibaki na nafasi ya emoglobini. Kwa hiyo katika chembe iliyo mshipani hakuna plani ya kusahihisha. Plani iko ubohoni, ndani ya mifupa. Hii ndiyo sababu hakuna shindano wala mizizi inayoondoa SS kwa wiki moja. Anayewauzia dawa hiyo anawauzia maji.

Lakini mengi yanawezekana. Mtoto anapewa penisilini ya kunywa kila siku mpaka miaka 5, na chanjo za kumkinga na vidudu vya mapafu na vya ubongo. Anapewa asidi foliki, ili uboho upate cha kujengea. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Kuna pia dawa inayoitwa idroksiure, ambayo inaamsha tena plani ya gama, ile ya tumboni, ili emoglobini F iongezeke na kuzuia kamba. Majaribio yaliyofanyika Kongo, Angola, Kenya na Uganda, yaliyotangazwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba kwa watoto wetu inapunguza maumivu, malaria na vifo. Inatolewa na mganga, na damu inapimwa mara kwa mara. Mwaka 2023 Uingereza na Amerika zilikubali matibabu yanayobadilisha maandiko ya ADN katika chembe za uboho wa mgonjwa, nayo pia yanaamsha F. Bei yake ni kubwa mno, na yanahitaji hospitali kubwa sana.

Mleteni mtoto wa SS hospitali saa hiyo hiyo akiwa na homa ya digri 38 au zaidi, akipumua kwa taabu, akilegea upande mmoja, au tumbo likivimba ghafula upande wa kushoto naye anazidi kuwa mweupe. Msingoje asubuhi.

Na mfanyakazi wa AS? Anaweza kufanya kazi shimoni kama wenzake. Ila joto kali, jasho jingi na kazi ya nguvu bila maji vinaweza kumwangusha, kwa kuwa damu iliyokauka inakaribisha kamba za S hata kwake. Anywe maji kabla ya kiu, apumzike zamu kwa zamu. Akiona mkojo wenye damu, aje dispanseri.

Maswali ya kujipima

1. Mume ni AS, bibi ni AA. Wanaweza kumzaa mtoto wa SS?
2. Mtoto ana miezi 2, Emel ni negatifu. Je, hakika hana SS?
3. Baba na mama ni AS, watoto watatu wa kwanza ni wazima. Nafasi ya wa nne kuwa SS ni ngapi?
4. GAG ikiwa GAA, damu itabadilika?

Majibu: 1. Hapana. 2. Hapana, emoglobini F inaweza kuficha, basi ifanywe elektroforezi na irudiwe baadaye. 3. Ni 1 kati ya 4, kama kwa mimba ya kwanza. 4. Hapana, kwa kuwa ushanga unabaki ule ule.

Vijana mnaotaka kuoana, njooni wawili pamoja kupima elektroforezi. Karatasi hiyo haifungi ndoa wala haivunji. Inawaambia hesabu yenu, ili mwamue ninyi wenyewe mkiijua.